Kosa moja, adhabu moja

Chukua karatasi mbili za majaribio ya Fizikia ya Kidato cha Nne. Swali ni lilelile. Birika la umeme la wati 2000 lina kilo 1.5 za maji yenye nyuzijoto 25. Tafuta (a) nishati inayohitajika kuyafikisha maji hayo nyuzijoto 100, na (b) muda ambao birika litatumia, ukichukulia kwamba joto lote linaingia kwenye maji. Wanafunzi wote wawili wameishia kwenye jibu moja: sekunde 267.75. Jibu hilo si sahihi. Jibu sahihi ni sekunde 236.25. Lakini karatasi zinaporudi, mmoja ana alama 4 kati ya 5 na mwenzake ana sifuri.

Mzazi akiziweka karatasi hizo mezani, jambo la kwanza atakalofikiri ni kwamba mwalimu amependelea. Hajapendelea. Mwanafunzi wa kwanza aliandika hivi:

```
Q = mcΔθ
Q = 1.5 × 4200 × (100 − 25)
Q = 1.5 × 4200 × 85
Q = 535500 J

t = Q/P = 535500/2000
t = 267.75 s
```

Mwanafunzi wa pili aliandika mstari mmoja tu: `t = 267.75 s`.

Kwa aliyeachana na Fizikia siku nyingi, mstari wa kwanza unasema jambo rahisi. Kila kilo moja ya maji huhitaji jouli 4200 ili joto lake lipande nyuzi moja. Ukiwa na kilo 1.5 na unataka kupandisha nyuzi 75, unazidisha zote tatu: 1.5 mara 4200 mara 75, unapata jouli 472,500. Birika la wati 2000 hutoa jouli 2000 kila sekunde, kwa hiyo unagawanya 472,500 kwa 2000. Kijana wetu amejua yote hayo. Alipoteleza ni kwenye kutoa tu: 100 toa 25 akaandika 85.

Msahihishaji hafanyi kazi kwa kukisia. Ana mwongozo wa usahihishaji unaoligawa swali vipande vipande. Kwa swali kama hili, mgawanyo wa kawaida unaweza kuwa hivi: alama moja ya kuandika kanuni inayofaa, moja ya kuingiza thamani mahali pake, moja ya jibu la nishati pamoja na kizio chake, moja ya kugawanya nishati kwa wati, na moja ya jibu la muda. Ukimpitisha kijana wa kwanza kwenye mgawanyo huo, kanuni anayo. Thamani ameziingiza sawasawa, maana ameandika (100 − 25). Jibu la nishati limekosewa, hapo anapoteza alama moja. Kugawanya kwa 2000 ni sahihi. Na jibu la muda?

Hapo ndipo watu wengi hupaona pagumu, kwa kuwa 267.75 ni jibu lisilo sahihi na bado linapewa alama. Sababu ni kwamba kosa limeshalipiwa. Ukichukua 535,500 yake ukaigawa kwa 2000, unapata 267.75 kamili. Sehemu ya (b) ameifanya bila kosa lolote. Kilichoharibu jibu ni namba aliyoirithi kutoka sehemu ya (a), na kwa namba hiyo ameshakatwa. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na wasahihishaji wana kanuni yao inayokaribiana na hiyo: kosa moja huadhibiwa mara moja. Likibebwa kwenda hatua zinazofuata, hatua hizo husahihishwa kwa kufuata namba ya mwanafunzi mwenyewe.

Bila kanuni hiyo, teleza moja kwenye mstari wa tatu ingemla mtoto alama za jibu la (a) na la (b), na kama swali lingekuwa na sehemu ya (c) inayouliza gharama ya umeme, ingemla na hiyo pia. Adhabu ingetegemea mahali kosa lilipotokea. Anayekosea kutoa mwanzoni mwa swali angeumia kuliko anayekosea kutoa mwishoni, ingawa wote wamefanya kosa lilelile na wanajua Fizikia ileile.

Sasa mwanafunzi wa pili. Inawezekana kabisa kwamba naye alijua kanuni, akakokotoa yote kichwani na kwenye kikokotoo, akateleza palepale. Inawezekana pia kwamba alichungulia kwa jirani. Msahihishaji hana namna ya kujua, na hapaswi kumtungia mwanafunzi hatua ambazo hakuziandika. Alama za njia hulipwa kwa njia inayoonekana. Ndiyo maana karatasi za Fizikia za mtihani wa KCSE wa Kenya huwa na agizo kwamba hatua zote za kukokotoa zionyeshwe wazi. Wanafunzi hulipita agizo hilo kama la kawaida tu, kumbe ndilo linalompa msahihishaji kitu cha kulipia siku jibu linapokuwa baya. Na kwenye maswali ya kuchagua herufi hakuna alama ya njia hata kidogo. Ukiteleza hapo, umekosa.

Kati ya hao wawili yuko mwanafunzi wa tatu, na yeye ndiye anayepatikana kwa wingi madarasani. Huyu ameandika kanuni, kisha akaruka moja kwa moja kwenye `1.5 × 4200 × 85`. Hakuandika (100 − 25) popote. Msahihishaji anaiona 85 na hajui imetoka wapi. Je, ni kutoa kulikokosewa? Au kijana amesoma 15 badala ya 25 kwenye swali? Au ameibuka nayo tu? Alama ya kuingiza thamani sasa iko mashakani, na katika miongozo mingi huikosa, kwa sababu thamani iliyoingizwa si sahihi na hakuna ushahidi wa nia yake. Atapata 3 pale mwenzake alipopata 4. Tofauti yao ni mabano yenye namba mbili na alama ya kutoa.

Mpaka hapa mambo ni mepesi, kwa sababu kosa lilikuwa wazi kwenye karatasi. Ugumu wa kazi hii uko kwenye kuamua kama kosa ni la hesabu au ni la Fizikia yenyewe. Hapo namba mbili zinaweza kukaribiana sana na zikawa na maana tofauti kabisa.

Tazama majibu mawili ya nishati kwa swali letu lilelile: jouli 629,975 na jouli 630,000. Yote mawili yamekosewa, na yanapishana kwa jouli 25 tu. Msahihishaji mgeni anaweza kuyaweka kapu moja. Msahihishaji mzoefu anajua yametoka wapi kabla hajasoma mistari ya juu. La kwanza, 629,975, ni la kikokotoo. Mwanafunzi aliandika vizuri (100 − 25) kwenye karatasi, lakini alipobonyeza akaacha mabano. Mashine ikazidisha 1.5 kwa 4200 kwa 100, ikapata 630,000, ndipo ikatoa 25. Kidole kimemponza, lakini njia yake ni safi. La pili, 630,000, limetoka kwa mwanafunzi aliyezidisha kwa 100 yenyewe. Huyu hakuteleza popote katika hesabu, kuzidisha kwake ni sahihi kabisa. Ila anaamini kwamba nishati inategemea joto maji yalikofika, wala si kiasi kilichopanda kutoka pale yalipokuwa. Kwa imani hiyo, maji yaliyotoka kwenye friji na maji yaliyoachwa juani yangechemka kwa umeme uleule.

Kwa mgawanyo wetu, wa kwanza hupoteza alama moja ya jibu. Wa pili hupoteza alama ya kuingiza thamani pamoja na ya jibu. Kwa macho ya mzazi tofauti ni alama moja tu, lakini kwa mwalimu wanafunzi hawa wanahitaji vitu viwili tofauti. Mmoja anahitaji kuzoea kubonyeza mabano. Mwingine anahitaji kufundishwa upya maana ya Δθ, na ukimwambia tu "kuwa makini na hesabu" umempoteza, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sawa.

Baadhi ya bodi za mitihani zimeupa utengano huu alama rasmi. Bodi ya OCR ya Uingereza, ambayo wasahihishaji wake husoma karatasi kwenye skrini, ina vifupisho wanavyoviweka pembeni mwa kosa. `AE` ni kosa la hesabu. `TE` ni namba iliyonakiliwa vibaya kutoka kwenye swali, kama kuandika 2400 mahali pa 4200. `POT` ni kukosea vipeo vya kumi, yaani sifuri kuzidi au kupungua, kama inavyotokea mtu anaposahau kugeuza gramu kuwa kilo. `XP` ni Fizikia isiyo sahihi au kanuni isiyofaa. Na `ECF` huwekwa pale jibu linapolipwa kwa sababu linafuata namba iliyokosewa nyuma. Vitatu vya mwanzo ni vya teleza, ambapo mwanafunzi hukatwa mara moja na safari ikaendelea. `XP` ni habari nyingine, kwa kawaida alama za hatua hiyo na za jibu lake huondoka.

Je, baada ya kosa la Fizikia, hatua zinazofuata bado zilipwe? Hapa miongozo haifanani. Tuseme mwanafunzi amegawanya mahali pa kuzidisha: 1.5 mara 4200, gawanya kwa 75, akapata jouli 84. Sehemu ya (b) anagawanya 84 kwa 2000, anapata sekunde 0.042. Kuna miongozo inayomlipa sehemu ya (b) yote, kwa hoja kwamba kugawanya nishati kwa wati ni ujuzi wake wa peke yake na ameuonyesha. Kuna inayokataa kubeba namba iliyozaliwa na kanuni potofu. Mimi naona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, ila mwanafunzi huyo ana la kujibu. Birika linalochemsha lita moja na nusu kabla hujapepesa jicho halipo duniani. Aliyeandika 0.042 na kupiga mstari bila kushtuka amekosa kitu kimoja zaidi ya kanuni, na swali zuri linaweza kuweka alama ya kupima hilo, kwa mfano kwa kuuliza kama muda alioupata unaaminika.

Kuna pia teleza isiyolipika hata kwa huruma, nayo ni ile inayolifanya swali kuwa jepesi. Gari lina mwendo wa mita 5 kwa sekunde na linaongeza kasi. Mwanafunzi ananakili mwendo wa mwanzo kuwa 0. Kwenye kanuni `v² = u² + 2as`, ile `u²` inatoweka. Sehemu ya kazi iliyokusudiwa kupimwa haikufanyika, na hakuna alama ya kutoa kwa kazi ambayo haipo.

Kufuata namba ya mwanafunzi kuna upande wa pili ambao huwashangaza wengi. Jibu sahihi linaweza kukosa alama. Darasani mazungumzo yake huwa hivi.

"Shikamoo, mwalimu. Jibu langu la (b) ni 236.25, sawa na uliloandika ubaoni. Mbona umenikata?"

"Marahaba. Nishati uliyopata kwenye (a) ni ngapi?"

"535,500."

"Haya, igawanye kwa 2000."

"Inatoka 267.75."

"Sasa hiyo 236.25 imetoka wapi?"

Alama ya kugawanya anapewa, kwa kuwa ameandika `535500/2000`. Ya jibu hapewi. Namba yake haitokani na mstari ulio juu yake, na maelezo ya kawaida ni kwamba aliiona mahali, au aliibadilisha mwishoni baada ya kumsikia mwenzake. Hata pale ambapo ni bahati tu ya makosa mawili kufutana, karatasi haionyeshi njia inayofika kwenye jibu hilo. Anayedai alipwe kwa kufuata njia akubali pia kupimwa kwa njia.

Haya yote huchukua muda, na hapo ndipo mfumo huu unapoweza kuharibika. Karatasi yenye jibu sahihi na hatua zilizo wazi husahihishwa haraka. Yenye jibu baya inamtaka msahihishaji apande juu mstari kwa mstari mpaka aukute wa kwanza usiotokana na uliotangulia, aukate hapo, kisha achukue kikokotoo chake na kukokotoa upya kila hatua iliyobaki kwa namba ya mwanafunzi. Aliyechoka, mwenye lundo mbele yake, hushawishika kutazama jibu la mwisho na kuweka mkasi. Ndiyo sababu katika mitihani mikubwa wasahihishaji hukutana kwanza na kusahihisha karatasi chache za mfano, kila mmoja kivyake, kisha wakalinganisha. Aliyetoa 2 pale wengine walipotoa 4 hueleza alichokiona, na mwongozo huongezewa maelezo kabla kazi yenyewe haijaanza. Mwalimu wa shule anayesahihisha peke yake hana mkutano huo. Anachoweza kufanya ni kuandika mgawanyo wake kabla ya kugusa karatasi ya kwanza, na kusahihisha swali moja kwa darasa zima kabla ya kwenda lingine, ili teleza ya mtoto wa kwanza na ya mtoto wa arobaini zipimwe kwa mizani moja.

Wapo wasioukubali utaratibu huu, na hoja yao si ya kubeza. Wanasema kazini hakuna alama ya njia. Mfano wao una nguvu. Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani ikitoka Montreal kwenda Edmonton. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, na kwenye matangi zilikuwamo lita 7,682. Waliokokotoa walifuata hatua zinazotakiwa: geuza lita kuwa kilo, toa kwenye kiasi kinachohitajika, geuza baki kuwa lita za kuongeza. Ila walizidisha kwa 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja kwa ratili, badala ya 0.803, ambayo ni uzito wake kwa kilo. Wakaongeza lita zipatazo 4,900 pale zilipotakiwa zaidi ya lita 20,000. Marubani waliiteremsha ndege bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Ukiisahihisha hesabu ile kwa mwongozo wetu, ingepata alama nyingi.

Lakini ukiitazama vizuri, ajali ile inafundisha kwamba namba zikaguliwe na vizio viandikwe pembeni ya kila namba. Haifundishi kwamba mtu aliyejua hatua zote afanane na asiyejua hata moja. Mtihani unapima mtu anajua nini, ili ijulikane afundishwe nini au apokelewe wapi. Anayejua njia na kuteleza hurekebishwa kwa kuzoeshwa kukagua. Asiyejua njia lazima aanze somo upya. Ukiwapa wote sifuri umefuta tofauti ambayo mtihani uliwekwa kuitafuta. Na ukiwapa wote alama kamili kwa kuwa "wamejitahidi", umefuta nyingine, maana 85 si 75, na namba nayo ni sehemu ya Fizikia. Alama 4 kati ya 5 inasema yote mawili kwa pamoja.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi, andika kanuni, andika namba kwenye nafasi zake kabla ya kubonyeza chochote, na toa kwako kuonekane ndani ya mabano. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, usifute. Na wewe mzazi, karatasi ya Fizikia ikirudi nyumbani usianze kwa kuuliza amepata ngapi. Mwambie akuonyeshe mstari wa kwanza uliokosewa, akueleze kilichotokea hapo. Akisema "nilitoa vibaya," yuko salama. Akisema "sijui ile 100 ilitakiwa iweje," mtafute mwalimu wake wiki hiyohiyo.